Safari ya Kromosomu Katika Mgawanyiko wa Seli: Mfano wa Uvimbe wa Taya la Mtoto

Kipande cha nyama kilichotufikia maabara siku hiyo kilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Kilikatwa kutoka katika taya la chini la mtoto wa kiume wa miaka sita anayeishi kwa bibi yake Igamba, katika wilaya ya Mbozi. Mtoto huyo alizaliwa bondeni, upande wa Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa, ambako joto ni kali na malaria ni ya kila msimu, kisha akapandishwa huku kwenye mashamba ya kahawa baada ya mama yake kupata kazi mbali. (Nimemchora mtoto huyu kwa kuunganisha habari za watoto kadhaa, asije akatambulika hata mmoja wao.) Jino lake lilianza kulegea, likang'olewa, na ndani ya majuma matatu shavu likafura hata mdomo ukashindwa kufumba.

Sisi wataalamu wa patholojia ni nadra kuonana na mgonjwa. Huonana na chupa. Safari hii, hata hivyo, bibi aliifuata chupa mpaka mlangoni petu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza swali lililo sahihi kuliko maswali mengi ninayoulizwa na wanafunzi: “Daktari, jino si lilikwisha kung'olewa? Mbona taya linazidi kuvimba kila siku, kama unga uliotiwa hamira?”

Ili kumjibu bibi huyo ipasavyo, sharti kwanza tueleze jinsi seli moja inavyogawanyika kuwa mbili, na kromosomu zilizomo ndani yake zinavyotenda katika kila hatua. Mgawanyiko huo huitwa mitosisi. Jina hilo lilitungwa na mwanasayansi wa Kijerumani Walther Flemming, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1882 alieleza kwa michoro jinsi nyuzi zilizo ndani ya kiini cha seli zinavyokaza, zinavyojipanga na zinavyotengana. Neno lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Flemming hakujua nyuzi hizo zinabeba nini. Sisi tunajua kwamba zinabeba DNA, yaani maandishi ya urithi.

Kila seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Idadi hiyo si kipimo cha ubora wa kiumbe: mche wa kahawa ya arabika unaoota nyuma ya nyumba ya bibi una kromosomu 44, na mche wa robusta una 22. Ukizinyoosha DNA zote za seli moja ya binadamu na kuziunga ncha kwa ncha, utapata uzi wenye urefu wa takriban mita mbili. Uzi huo wote umo ndani ya kiini chenye upana wa milimita chache zilizogawanywa mara elfu. Kwa muda mwingi wa maisha ya seli, uzi huo umelegea na kutawanyika, ndipo seli iweze kuusoma na kutengeneza protini zake. Ukitazama seli ya namna hiyo kwa hadubini huoni kromosomu hata moja. Unaona kiini cha mviringo tu, chenye rangi ya zambarau iliyotapakaa.

Kabla mitosisi haijaanza, seli hupitia kipindi cha kunakili. Hapo kila kromosomu hutengenezewa nakala yake, kazi inayochukua saa kadhaa. Nakala mbili zinazotokana huitwa kromatidi pacha, nazo hazitawanyiki ovyo. Hushikanishwa pamoja kwa pete za protini iitwayo kohesini, na mshikamano wenye nguvu zaidi huwa mahali palipobana kama kiuno, paitwapo sentromia. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana kila litakalofuata linalitegemea: seli inapoingia katika mitosisi ina kromosomu 46, lakini kila moja ni maradufu, yaani kuna kromatidi 92. Kazi nzima ya mitosisi ni kuzigawa kromatidi hizo 92 katika mafungu mawili ya 46, kwa namna ambayo kila fungu linapata pacha mmoja kutoka katika kila jozi, bila kuzidi wala kupungua.

Hatua ya kwanza ni profasi. Nyuzi zilizotawanyika huanza kukazwa na kujikunja, zikawa fupi na nene, mithili ya mwanamke anayekusanya uzi uliotapakaa sakafuni na kuuviringa uwe vidonge vinavyobebeka. Ukazaji huu una sababu iliyo wazi: uzi wa mita mbili hauwezi kuvutwa pande mbili bila kujifunga mafundo na kukatika. Kwa hadubini, kiini hupoteza ulaini wake na kuonekana kama kimejaa vijiti vidogo vyeusi. Nje ya kiini, vituo viwili vya kutengeneza nyuzi, ambavyo huitwa sentrosomu, huanza kuachana na kuelekea pande zinazokabiliana za seli. Kutoka katika vituo hivyo huchipua mirija myembamba ajabu iitwayo mikrotubuli, inayojengwa kwa vitofali vya protini iitwayo tubulini. Mkusanyiko wa mirija yote hiyo, unaochongoka pande mbili na kupanuka katikati, huitwa spindeli.

Kisha utando wa kiini huvunjika vipande vipande. Vitabu vingi vya shule huiunganisha hatua hii na profasi, lakini ni bora ikatajwa peke yake, kwa jina la prometafasi, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi huanzia. Utando ukishavunjika, mirija ya spindeli hupata njia ya kuzifikia kromosomu. Kila kromosomu imekwisha kujenga, juu ya sentromia yake, vishikizo viwili vya protini viitwavyo kinetokori, kimoja kwa kila kromatidi, navyo vimegeukiana migongo. Mirija hukua na kusinyaa, hukua na kusinyaa, ikipapasa huku na huko kama kipofu atafutaye mlango, mpaka mmoja unase kishikizo. Hapo kromosomu huvutwa upande huo. Baadaye mrija wa upande wa pili hunasa kishikizo cha pili, na kromosomu huanza kuvutwa pande zote mbili kwa pamoja.

Mvuto huo wa pande mbili ndio unaoiambia seli kwamba kazi imefanyika vizuri. Ikitokea vishikizo vyote viwili vimenaswa kutoka upande mmoja, hakuna mkazo. Mshiko huo ni dhaifu, nao huachiwa ili ujaribiwe upya. Lipo hata hivyo kosa moja la hila zaidi. Kishikizo kimoja kinaweza kunaswa na mirija kutoka pande zote mbili. Mkazo upo, kila kishikizo kimeshikwa, na seli hudanganyika kwamba mambo yamekamilika. Kosa la namna hii, lisiposahihishwa mapema, huonekana baadaye kama kromatidi inayobaki nyuma wakati wenzake wanaondoka.

Kromosomu zote zikishavutwa pande mbili, hujipanga katikati ya seli katika safu moja. Hii ndiyo metafasi. Ukiitazama seli kwa ubavu utaona mstari mnene mweusi unaoikata katikati. Ukiitazama kutoka juu utaona duara kama taji. Kwa mtazamaji, metafasi hufanana na utulivu, lakini huo ni utulivu wa kamba inayovutwa na timu mbili zenye nguvu sawa. Kromosomu hazikusimama, zinatikisika mbele na nyuma, na kila jozi ya pacha imeshikamana kwa kohesini peke yake.

Hapa pana kituo cha ukaguzi ambacho, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya mambo ya kustaajabisha katika biolojia yote. Kila kishikizo ambacho hakijanaswa na mrija hutoa ishara ya kemikali isemayo “ngoja”. Kishikizo kimoja tu kati ya 92 kinatosha kuizuia seli nzima. Kromosomu 45 zinaweza kuwa zimejipanga barabara, lakini ya 46 ikiwa bado inaelea pembeni, hakuna inayoondoka. Ishara ya “ngoja” hunyamaza pale kishikizo cha mwisho kinaponaswa. Ndipo kimeng'enya kiitwacho separesi kinaachiliwa, nacho hufanya kazi ya mkasi: hukata pete za kohesini.

Pete zikikatwa, anafasi huanza ghafla. Jozi zote 46 huachana karibu kwa wakati mmoja, na kila pacha, ambaye tangu sasa anahesabiwa kuwa kromosomu kamili, huvutwa kuelekea upande wake. Sentromia hutangulia, mikono ya kromosomu hufuata nyuma, ndiyo maana huonekana kama herufi V ndogo ndogo zinazosafiri. Mirija inayovuta hufupika kwa kuachia vitofali vyake vya tubulini pale pale penye kishikizo, na papo hapo ncha mbili za seli nazo husukumwa mbali zaidi. Hatua hii ni ya dakika chache tu. Mitosisi nzima katika seli za binadamu huchukua muda wa kama saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo hutumika katika maandalizi na kungojea. Kwa sababu hiyo, katika kioo cha hadubini tunakuta seli nyingi zilizo katika prometafasi na metafasi, na chache zilizo katika anafasi. Ni kama kupiga picha ya barabarani na kukuta watu wengi kituoni, wachache mlangoni mwa basi.

Telofasi haina mengi. Kromosomu zikifika kila upande hukusanyika, utando mpya wa kiini huzizunguka, nyuzi hulegezwa, na spindeli hubomolewa. Wakati huo huo mshipi wa protini hukaza kiuno cha seli mpaka uteute wake ugawanyike sehemu mbili. Seli moja imekuwa mbili, kila moja ikiwa na kromosomu 46 zilizo nakala halisi za zile za mama yao.

Sasa turudi kwenye kipande cha nyama kutoka Igamba. Nilipokitazama kwa hadubini niliona uwanja mpana wa seli zilizobanana, zenye viini vya zambarau nzito, na katikati yake seli kubwa nyeupe zilizotawanyika kama nyota katika anga la usiku. Hizo nyeupe ni seli walaji, zilizokuja kumeza seli zilizokufa. Katika kila eneo nililotazama kwa lenzi kubwa niliona seli kadhaa zikiwa katika mitosisi, nyingine katika safu ya metafasi, nyingine zikiwa tayari zimeachana. Katika ngozi yenye afya unaweza kupekua maeneo mengi kabla hujakuta hata moja. Picha hiyo, pamoja na vipimo vingine tulivyovifanya, ilitupa jina la ugonjwa: limfoma ya Burkitt.

Jina hilo ni la daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika pembe zote nne za mataya, na mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya kilomita kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika na kuuliza katika kila hospitali kama uvimbe huo unajulikana. Waligundua kwamba hupatikana zaidi maeneo ya joto, yenye mvua, yasiyo ya miinuko mirefu. Ramani hiyo ilikaribiana sana na ramani ya malaria. Ndiyo maana, nilipoona anwani ya Igamba, mahali pa mwinuko na baridi, niliuliza mtoto alizaliwa wapi na amekaa huko muda gani. Nawasihi wenzangu wa zahanati wasiridhike na anwani ya sasa. Waulize mtoto alikulia wapi.

Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa katika seli zilizotokana na uvimbe huu. Kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara huzisukuma seli za kinga ziitwazo limfosaiti B zigawanyike sana. Lakini kuna tukio la tatu ambalo ndilo kiini cha habari yetu, nalo linahusu kromosomu zenyewe. Katika wagonjwa wengi wa limfoma hii, kipande cha ncha ya kromosomu namba 8 kimekatika na kuungwa kwenye kromosomu namba 14, huku kipande cha namba 14 kikienda namba 8. Kwenye kipande cha namba 8 kuna jeni iitwayo MYC, ambayo huiamuru seli kukua na kugawanyika. Mahali ilipohamia, namba 14, ni karibu na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika limfosaiti B hazizimwi. Jeni ya MYC ikawa kama taa iliyounganishwa kwenye waya usio na swichi.

Msomaji makini atauliza: ikiwa ukaguzi wa metafasi ni mkali kiasi kile, mbona kromosomu zilizounganishwa vibaya zinapita? Jibu ni kwamba mkaguzi haulizi kromosomu imebeba nini. Anauliza swali moja tu: je, vishikizo vyake vimenaswa? Kromosomu namba 14 iliyobeba kipande cha namba 8 bado ina sentromia moja. Hunakiliwa, hukazwa, hunaswa pande mbili, hupanga safu na kuachana kama kromosomu yoyote nyingine. Mitosisi hufanya kazi yake kwa uaminifu kamili, na kwa uaminifu huo huo hulirithisha kosa kwa kila seli itakayozaliwa. Laiti muungano ule ungezaa kromosomu yenye sentromia mbili, mambo yangekuwa tofauti: katika anafasi kromatidi moja ingeweza kuvutwa pande mbili kwa wakati mmoja, ikatandika daraja kati ya viini viwili, ikakatika, na mara nyingi seli ingeharibika. Kosa linaloleta limfoma ya Burkitt ni la hatari kwa sababu ni nadhifu.

Hapo ndipo nilipoweza kumjibu bibi. Nilimwambia: “Bibi, jino halikuwa chanzo. Jino lililegea kwa sababu mfupa unaolishika umejaa seli zinazozaana bila kukoma. Kuling'oa ni kama kukata tawi la mti ambao mizizi yake iko kwingine.” Akauliza zinazaana kwa kasi gani. Nilichukua karatasi nikamchorea. Chukulia uvimbe wenye kipenyo cha sentimita 4, na chukulia kwamba ukubwa wake unaongezeka maradufu kila baada ya siku mbili, jambo linalowezekana katika ugonjwa huu. Ukubwa ukiongezeka maradufu mara moja, kipenyo hufika kama sentimita 5. Ukiongezeka mara tatu mfululizo, yaani kwa siku sita, uvimbe unakuwa mkubwa mara nane, na kipenyo chake kimefika sentimita 8. Kwa kweli seli nyingi hufa njiani, ndiyo sababu ya zile seli walaji zilizofanana na nyota, kwa hiyo uvimbe aghalabu hukua polepole kuliko hesabu hiyo. Hata hivyo, hesabu inaonyesha kwa nini tarehe ya rufaa ya “rudi baada ya mwezi mmoja” haifai kabisa kwa mtoto mwenye taya linalofura na meno yanayolegea bila kutoboka.

Kasi hiyo hiyo ndiyo inayoufanya ugonjwa huu utibike. Seli isiyogawanyika haiwezi kunaswa katika mgawanyiko. Hizi zinagawanyika mchana na usiku. Mojawapo ya dawa alizoandikiwa mtoto ni vinkristini, inayotokana na mmea wa vinka wenye asili ya Madagaska. Dawa hii hushikamana na vitofali vya tubulini na kuvizuia visijenge mirija. Fikiria sasa kile tulichokieleza juu ya prometafasi. Kromosomu zimekazwa, utando umevunjika, vishikizo viko tayari, lakini mirija ya kuvinasa haipo. Kila kishikizo kinatoa ishara ya “ngoja”. Seli inangoja saa nyingi, kromosomu zake zikiwa zimetapakaa bila safu, na nyingi katika seli hizo huishia kufa. Dawa haikuiua seli kwa nguvu zake yenyewe; iliuacha ukaguzi wa seli uendelee kusubiri jambo lisiloweza kutokea. Baadhi ya seli huponyoka mgawanyiko bila kugawa kromosomu zao, na hiyo ni sababu mojawapo kwa nini vinkristini haitolewi peke yake bali pamoja na dawa nyingine, hasa siklofosfamidi, ambayo huharibu DNA yenyewe.

Kolkisini, dawa ya zamani ya jongo, hufanya kazi inayofanana na hiyo. Ni kwa kuzizuia seli katika hatua hii ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan, huko Lund nchini Uswidi, walipoweza kuzihesabu kromosomu za binadamu kwa usahihi na kutangaza mwaka 1956 kuwa ni 46. Kwa miongo mitatu kabla yao, vitabu vilifundisha kwamba ni 48. Hata leo, daktari akiomba picha ya kromosomu za mgonjwa, maabara huzisimamisha seli kwa dawa ya namna hiyo kwanza, kwa kuwa ni wakati huo tu ambapo kila kromosomu hukazwa kiasi cha kutambulika kwa umbo lake. Katika kioo cha kawaida cha patholojia hatuwezi kuhesabu 46, wala kuona kwamba namba 8 na 14 zimebadilishana vipande. Tunachoona ni hatua, si maandishi.

Na hatua zenyewe huonekana tu ikiwa kipande cha nyama kimehifadhiwa vizuri. Seli hazijui kwamba zimekatwa kutoka mwilini. Zikiachwa katika chupa tupu au katika maji ya chumvi, baadhi hukamilisha mgawanyiko ulioanza, nyingine huanza kuoza, na viini vyake husinyaa vikawa matone meusi ambayo mtu asiye mzoefu huyadhania kuwa mitosisi. Mimi huzitofautisha hivi: seli iliyo katika mitosisi haina utando wa kiini, kromosomu zake zina kingo zenye manyoya manyoya, na uteute wake haujasinyaa, seli inayokufa ina matone laini ya mviringo na uteute uliokauka wenye rangi ya waridi. Mara moja, katika kituo nilichofanyia kazi zamani, tuliletewa kipande kilichokaa siku mbili katika maji ya chumvi. Hatukuweza kusema lolote, na mtoto akakatwa mara ya pili. Kipande kiwekwe mara moja ndani ya formalini ya asilimia 10 yenye ujazo wa mara kumi ya kipande hicho, na saa ya kukatwa iandikwe kwenye fomu.

Tuendelee na mtoto wetu. Alikuwa na kilo 18 na urefu wa sentimita 110, hivyo eneo la ngozi yake lilikadiriwa kuwa mita za mraba 0.74. Kwa kiwango cha miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba, dozi yake ya vinkristini ilikuwa kama miligramu 1.1, kwa kawaida dozi moja haipitishwi miligramu 2 hata kwa mtu mzima. Kabla ya dozi ya kwanza alipewa maji ya kutosha kwa njia ya mshipa pamoja na alopurinoli. Seli nyingi zikifa kwa pamoja humwaga potasiamu, fosfati na mabaki ya DNA ambayo mwili huyageuza kuwa asidi ya yuriki, na figo za mtoto zinaweza kuziba ndani ya siku moja au mbili. Muuguzi aliyepima mkojo wake kila saa alikuwa akiilinda tiba nzima.

Jambo moja halina nafasi ya kukosewa. Vinkristini hutolewa ndani ya mshipa wa damu peke yake. Katika matibabu hayo hayo mtoto huchomwa dawa nyingine katika uti wa mgongo, na ikitokea vinkristini ikaingizwa huko kwa makosa, karibu kila mara huua. Dawa hizo mbili zisiwekwe kwenye sinia moja, wala zisitolewe chumba kimoja kwa saa moja. Ndani ya mshipa nako, ikivuja nje ya damu huunguza nyama, kwa hiyo sindano ihakikishwe kwanza kwa maji ya chumvi.

Mishipa ya fahamu haigawanyiki, lakini nayo ina mikrotubuli, ambayo ndiyo njia za kusafirishia vitu kutoka kiini cha seli hadi ncha ya mguu. Ndiyo sababu mgonjwa wa vinkristini hupata ganzi vidoleni, hushindwa kuinua wayo, au matumbo yake hulala na choo kuwa kigumu. Mzazi asingoje siku tano kuripoti kwamba mtoto hajapata choo. Na mhudumu asiandike dawa za fangasi kama itrakonazoli bila kumwuliza daktari wa saratani, kwa kuwa huzuia ini kuiondoa vinkristini, na madhara yake huongezeka.

Siku ya nne baada ya dozi ya kwanza, mdomo wa mtoto ulifumba. Bibi alikuja kuniaga akiwa na swali la mwisho. Alikuwa amesikia kwamba dawa imetokana na vinka, ua dogo la waridi lenye petali tano, na ua hilo limepandwa mlangoni pake Igamba. Je, asiwe anamchemshia mjukuu majani yake ili kusaidia? Nilimwambia hapana, na nikamweleza sababu: huhitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata kama gramu moja ya vinkristini, na ndani ya majani hayo kuna kemikali nyingine nyingi ambazo hakuna ajuaye kiasi chake katika kikombe kimoja. Akikunywesha kidogo, hazimfikii mtoto za kutosha kuzuia hata spindeli moja; akizidisha, anaweza kumdhuru kwa sumu isiyo na kipimo. Alicheka, akasema basi litabaki kuwa ua. Kisha akanionyesha kadi yenye tarehe ya dozi ya pili, akaniomba nimsomee siku yake, kwa kuwa ilianguka juma la kuvuna kahawa naye alitaka kupanga vibarua mapema.